HR wanataka tarehe, mimi nina meseji na kumbukumbu tu

*Shikamoo shangazi. Mi ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Dar, mwaka wa nne sasa. Nilienda likizo ya uzazi mwaka jana 2024, tangu nirudi supavaiza wangu kanigeuka kabisa. Ananikatalia kutoka kwenda kunyonyesha, mara anipangie shifti ya kufunga wiki tano mfululizo wakati wenzangu wanabadilishana, mara anitukane mbele ya wateja (hiyo ni kama Oktoba hivi, nakumbuka nilikuwa kwenye daladala nalia huku namtumia mama hela ya dawa ya mtoto). Kuna siku kanitumia meseji nisipotokea nisirudi tena. Mwezi uliopita ndo kanimaliza, nimekatwa 38,000 kwenye mshahara, anasema ni shoti ya kaunta yangu, na siku hiyo mi nilikuwa ofu shangazi, sikukanyaga kazini. Meneja wa tawi nilishamwambia kwa mdomo, akasema ataangalia, kimya.*

*Nikaenda HR makao makuu. Dada wa HR kanisikiliza vizuri, akasema andika maelezo yenye mtiririko wa tarehe na viambatisho, lete. Nimekaa nimeandika kurasa kumi na moja, nikisoma mwenyewe sielewi, nalia tu. Vitu vimetapakaa, vingine viko WhatsApp, vingine kichwani, vingine picha za rosta. Tarehe nyingi sina. Naogopa nikikosea wataniona muongo. Naanzia wapi?*

*Keshia, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Asante kwa zile picha na meseji ulizonitumia baada ya barua, nimekaa nazo siku mbili na umeniruhusu nizitumie hapa, majina na tawi nimeyatoa.

Mi nilikaa upande wa HR miaka minane kabla sijaanza kuandika safu hii, kwa hiyo nianze na kinachotokea baada ya karatasi yako kupokelewa, maana ukishakijua utaelewa kwa nini nakushauri hivi. Afisa wa HR hakai kuisoma kama hadithi. Anaiweka mezani, anafungua rosta, rekodi ya mashine ya kidole na slipu za mshahara, alafu anamwita huyo supavaiza na kumwambia ajibu mstari kwa mstari. Na yule supavaiza kitu cha kwanza anachotafuta ni tarehe moja iliyokosewa. Akiipata tu, labda siku unayosema alikutukana yeye alikuwa safari au wewe mwenyewe ulikuwa ofu, anaishikilia hiyo hiyo, anasema unaona, anatunga. Nimeona malalamiko ya kweli kabisa yakifa hivo, kwa siku moja iliyowekwa kwa kukisia.

Kwa hiyo hofu yako ya kukosea ni ya haki, ila dawa yake siyo kuandika zaidi. Ni kila mstari mtu ambaye hakuwepo aweze kuukagua bila kukupigia simu.

Zile kurasa kumi na moja usizitupe. Zihifadhi nyumbani, hizo ndo ghala lako, wala haziendi HR. Chukua daftari au ukate vikaratasi, kila tukio karatasi yake, andika kwa kifupi unachokikumbuka bila kujali lipi lilitangulia. Usijaribu kupanga na kukumbuka kwa wakati mmoja, hapo ndipo ulipokwama, kwa sababu ukianza tu na tarehe ya kwanza kichwa kinarukia tukio la tano. Mimi nilipozipitia kurasa zako nilipata matukio kumi na manne, na manne kati ya hayo ni kitu kile kile umekieleza mara mbili mbili kwa maneno tofauti. Yanabaki kumi.

Sasa tarehe. Unasema huna, mwanangu unazo, ila zimekaa kwenye vitu ambavyo hukuviweka kwa ajili hiyo. Mfano mzuri ni lile tusi. Wewe unasema Oktoba, lakini kuna kitu kimoja hujakitilia shaka hata kidogo, kwamba jioni ile ile ulikuwa kwenye daladala unamtumia mama hela ya dawa. Nikakuomba utafute kwenye meseji za M-Pesa, ukapata muamala wa 15,000 kwenda kwa mama, saa 18:47, tarehe 23 Agosti 2024. Ukatafuta Oktoba nzima, hakuna hela uliyomtumia mama ukiwa njiani. Tarehe 23 Agosti ilikuwa Ijumaa, na rosta ya wiki hiyo inaonyesha ulikuwa kazini mpaka saa 12 jioni. Vitu vitatu vimekutana mahali pamoja, basi hiyo ndo siku. (Kama mtu alishafuta meseji zake, taarifa ya miamala unaweza kuiomba kwenye mtandao wako wa simu.) Ila elewa, ile meseji haithibitishi kwamba ulitukanwa, inathibitisha siku tu. Usije ukaiandika kana kwamba ni ushahidi wa tusi, HR akiisoma ataona hela ya dawa ya mtoto na atashangaa inaingiaje.

Fanya hivo kwa kila karatasi, jiulize siku hiyo nilikuwa nafanya nini kingine. Kadi ya kliniki ya mtoto ina tarehe. Picha za rosta, ulizopiga mwenyewe kwa simu, jina la faili lina siku ndani yake, kama `IMG_20240901_183022.jpg` maana yake 1 Septemba 2024. Ila zile ulizotumiwa na mwenzio kwa WhatsApp, zenye `WA` kwenye jina, hiyo tarehe ni ya siku picha ilipofika kwako, siyo siku iliyopigwa, usichanganye. Na kila ukipata tarehe ihakikishe na siku ya wiki kwenye kalenda ya mwaka ule. Ukiandika "Jumatatu tarehe 24" wakati tarehe 24 ilikuwa Jumanne, msomaji makini anaacha kukuamini hapo hapo.

Sasa kuna mtego umekaa kwenye simu yako na ulikuwa karibu ukunase. Ile meseji ya kutishiwa uliniandikia ni ya tarehe 12 mwezi wa tisa. Nikakuelekeza utoe mazungumzo yote na huyo supavaiza, kwenye WhatsApp unafungua chati yake, unabonyeza vidoti vitatu, `More`, alafu `Export chat`, inakupa faili la maandishi lenye tarehe na saa za kila meseji. Mstari wenyewe uko hivi:

```
12/9/24, 6:41 AM - Supavaiza: Leo usipotokea usirudi tena
```

Mtu yeyote wa kwetu akiona 12/9 anasoma 12 Septemba. Lakini simu yako imewekwa Kiingereza cha Marekani na kwa mpangilio huo mwezi ndo unatangulia. Nimejuaje? Nimepanda juu kwenye faili lile lile nikaona mstari ulioandikwa `8/23/24`. Hakuna mwezi wa 23, kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe mwezi. Basi 12/9/24 ni tarehe 9 Desemba 2024, Jumatatu, sikukuu ya Uhuru, na ndo maana ulikuwa nyumbani asubuhi ile unapika! Ungepeleka HR ukasema 12 Septemba, wangefungua rosta wakakuta siku hiyo ulikuwa zamu ya kufunga na uliingia mchana kama kawaida, meseji ya saa 12 na dakika 41 asubuhi ingekosa maana, na lile tishio lako la kweli lingeanguka. Kwenye karatasi ya HR usiandike tarehe kwa mikwaju kabisa. Andika "9 Desemba 2024".

Na kwa kuwa siku hiyo ulienda kweli, ukafanya kazi mpaka jioni, angalia slipu yako ya Desemba. Sheria yetu ya ajira inataka mtu aliyefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa kawaida wa masaa hayo. Kama haipo, huo ni mstari mwingine ambao ulikuwa hujauona.

Saa nazo zinachanganya. Wewe umeandika "saa 3" mara nne na sikujua hata moja kama ni asubuhi, au ni saa tisa mchana umeihesabu kizungu, maana meseji za simu zinasoma 3:00 PM na sisi tunaongea saa tisa. Andika saa kwa mtindo wa 24, yani 15:00, na pembeni saa tisa mchana, ili yeyote asisome vingine. Na kwa shifti yako ya kufunga, jambo lililotokea baada ya saa sita usiku andika tarehe ya siku mpya na useme "usiku wa kuamkia Jumamosi", kwa sababu wewe unaliita la Ijumaa lakini kamera na mashine ya kidole zinaliita la Jumamosi.

Tukio ambalo umehangaika nalo na tarehe haipatikani, usilibandike siku. Andika unachokijua kwa uhakika, "kati ya 7 na 20 Julai 2024, baada ya kliniki ya mtoto na kabla ya meneja kwenda likizo". Hiyo ni kauli ya kweli na hakuna wa kuivunja. Afisa akikuta mistari saba yenye tarehe kamili na miwili yenye "kati ya", ile miwili inaongeza imani kwa ile saba, kwa sababu anaona hujajaza tu mapengo.

Haya, nikazipanga karatasi zako kumi mezani kwa tarehe tulizozipata, na hapa ndipo nilipofurahi kwa niaba yako. Kwa kumbukumbu yako wewe shifti za kufunga zilianza kwanza, Septemba, na tusi likaja Oktoba. Hivo inaonekana kama mambo mawili yasiyohusiana. Kwa mpangilio wa kweli tusi ni Ijumaa 23 Agosti. Jumatatu inayofuata, 26 Agosti, ndo ulienda kwa meneja wa tawi, tumeijua siku kwa sababu mchana huo ulimwandikia dada yako "nimeshaongea na meneja kasema ataangalia". Na rosta inayoanza Jumatatu 2 Septemba, wiki moja tu baadaye, inakuweka kufunga, na inayofuata, na inayofuata, mpaka 6 Oktoba. Wiki tano. Kabla ya hapo, picha za Julai na Agosti zinaonyesha ulikuwa unabadilishana kama wenzako.

Unaona ilivyokaa? Ulilalamika, wiki ijayo ukabadilishiwa zamu. Hilo ndo jambo zito kuliko yote kwenye faili lako, zito kuliko tusi, na ulikuwa hulijui kwa sababu tukio moja lilikuwa limekaa mwezi siyo wake. Lakini usiandike "alilipiza kisasi". Huwezi kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwake, na ukiandika hivo yeye atabishana na neno hilo badala ya kubishana na tarehe. Weka mistari mitatu ikifuatana, 23 Agosti, 26 Agosti, 2 Septemba, wacha afisa asome mwenyewe.

Sasa mstari wenyewe unaandikwaje. Wewe uliandika hivi kwenye ukurasa wa tatu: "Supavaiza amekuwa akininyanyasa na kunidhalilisha mbele ya wateja kwa maneno machafu sababu hapendi wanawake wenye watoto wadogo." Naamini kila neno, ila HR hana cha kukagua hapo. Mimi ningeuandika hivi:

"Ijumaa 23 Agosti 2024, kama 16:00 (saa kumi jioni), kaunta namba 4. Nilimwomba supavaiza ruhusa ya kutoka kwenda kunyonyesha. Alisema kwa sauti, wateja wakiwa kwenye foleni: 'Hapa siyo wodi ya wazazi, kama unataka kulea kaa nyumbani.' Sikutoka. Aliyekuwa karibu: keshia wa kaunta namba 5. Kielelezo: K3, rosta ya wiki hiyo."

Siku, saa, mahali, uliomba nini, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, wewe ulifanya nini baada ya hapo, nani alikuwepo, kielelezo kipi. Hakuna "machafu", hakuna "kunidhalilisha", maana yale maneno yakinukuliwa yalivyo yanauma zaidi kuliko mimi au wewe tukiyaeleza. Kama neno halisi hulikumbuki sawasawa andika "alisema maneno yenye maana ya", usiweke alama za kunukuu kwenye kitu ambacho umekitunga upya. Na ile habari ya M-Pesa, iweke kwenye daftari lako la nyumbani, safu ya pembeni inayosema "nimejuaje siku hii", HR akiuliza unayo, asipouliza haimhusu.

Kwa keshia wa kaunta namba 5, umeandika "atathibitisha". Umemuuliza? Hujamuuliza. Andika tu kwamba alikuwepo, na kabla hujapeleka mwambie kwamba jina lake limo, asije akaitwa ofisini kwa kushtukizwa akasema sikumbuki kitu kwa woga, hapo anakuwa shahidi wa upande wa pili bila kupenda.

Suala la kunyonyesha unalalamika kila siku alikukatalia, na ukurasa wa pili umejaribu kuzitaja siku zote, usifanye hivo. Kwa jambo linalojirudia andika mstari mmoja wa kipindi, kwamba kuanzia uliporudi kazini Jumatatu 1 Julai 2024 mpaka siku fulani uliomba mara ngapi kwa wiki na ulipewa mara ngapi, alafu chini yake weka siku mbili au tatu ambazo una meseji ya kuomba na jibu lake. Unayo ile ya 3 Julai aliyokujibu "hakuna muda huo hapa". Inatosha sana. Pembeni taja kwa mstari mmoja kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inamruhusu mama anayenyonyesha kufanya hivo ndani ya muda wa kazi kwa hadi masaa mawili kwa siku. Mstari mmoja tu, usigeuke wakili, karatasi hii ni ya matukio.

Shoti ya 38,000 ipewe nafasi, maana hapa hutegemei neno lako kabisa. Kwenye slipu ya Januari 2025 makato yapo. Fomu ya shoti uliyoonyeshwa inasema Jumamosi 18 Januari. Rosta ya wiki hiyo inakuonyesha ofu. Kinachobaki kiko mikononi mwao, hivo kiombe kwa maandishi ndani ya mstari huo huo: "Naomba HR iangalie rekodi ya mashine ya kidole na jina la mtumiaji aliyeingia kwenye kaunta namba 4 tarehe 18 Januari 2025, na ihifadhi picha za kamera za siku hiyo." Watu wengi hawajui kwamba unaweza kuelekeza kwenye ushahidi ambao huna. Na fanya haraka, mashine za kamera zinajaa na kuanza kurekodi juu ya za zamani, duka lingine baada ya wiki chache tu hakuna kitu, huenda za siku hiyo zimeshapotea lakini ombi lako likiwepo kwa tarehe, hawawezi kusema hukuwahi kuomba. Usithubutu kwenda mwenyewe kwenye kompyuta ya duka kuzitoa, wala kubeba kitabu cha shoti, wala kupiga picha risiti zenye namba za simu za wateja. Nimeona mtu mwenye malalamiko ya haki akigeuziwa kibao akashtakiwa yeye kwa kutoa nyaraka za kampuni.

Kwenye skrinshoti zako kuna tabia mbili uziache. Umekata sehemu ya juu ili ionekane vizuri, sasa jina la mtumaji na tarehe havipo, piga upya bila kukata. Na zile ulizomfowadia dada yako halafu ukapiga picha kutoka kwenye simu yake, hizo zinaonyesha siku ulipofowadi, siyo siku ulipotumiwa, hazitufai. Kule kwenye grupu la kazi ulikotolewa, usifute ile chati, ukiondolewa zile za zamani bado zinabaki kwako na bado unaweza kuzitoa kwa `Export chat`. Weka nakala ya kila kitu nje ya simu, simu ikiibiwa kesho Kariakoo ushahidi wote umeenda. Ila siyo kwenye imeili ya kazini.

Ukimaliza, mtiririko wako hautazidi kurasa mbili. Mstari wa kwanza usianze na ugomvi, anza na hali ya kawaida: uliajiriwa lini, tathmini yako ya mwisho kabla ya uzazi ilisemaje, likizo ya siku 84 kuanzia 8 Aprili mpaka 30 Juni 2024, umerudi 1 Julai. Hapo msomaji anaona mwenyewe kabla na baada. Vielelezo vipe namba K1, K2 kuendelea kwa mpangilio ule ule wa mistari, siyo mpangilio ulioviokota. Yale maumivu, usingizi kukosa, maziwa kupungua, usiyafute mwanangu, yaandike kwenye aya moja mwishoni, na kama ulienda hospitali kwa ajili hiyo taja siku. Yakichanganywa ndani ya kila mstari yanamchosha msomaji, yakikaa pamoja yanasomwa.

Mbele weka barua ya ukurasa mmoja inayosema unalalamika kuhusu nani, mambo gani makubwa matatu, na unaomba nini. Hilo la mwisho hukuniambia kabisa na HR atakuuliza. Urudishiwe 38,000? Upewe muda wa kunyonyesha kwa maandishi? Uhamishiwe tawi lingine, au yeye ndo asikupangie zamu? Amua kabla ya kwenda.

Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Wakikataa kugonga, tuma pia kwa imeili yako binafsi siku hiyo hiyo ukisema nimeleta karatasi hizi leo. Baada ya hapo usiibadilishe tena hata ukikumbuka kitu saa moja baadaye. Jambo jipya linaandikwa kwenye karatasi mpya yenye kichwa "Nyongeza" na tarehe yake, kwa sababu wakikuta matoleo mawili yasiyofanana watakuuliza lipi ndo la kweli.

Na kuna saa inayogonga pembeni usiyoisikia. Kama HR hawatasaidia, njia inayofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA, na kule mgogoro ambao siyo wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, wa kuachishwa kazi ni siku 30. Usidhani kuwa na barua HR kunasimamisha hesabu hiyo. Makato yako yametokea 31 Januari 2025, ukihesabu siku 60 unafika 1 Aprili. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda na lazima utoe sababu ya kueleweka, wengi wanakataliwa. Kwa hiyo ikifika katikati ya Machi hujajibiwa, nenda ofisi ya CMA ukiwa na kurasa hizo hizo mbili, na kama upo chama cha wafanyakazi mpigie mwakilishi wako sasa hivi, usisubiri mpaka hapo.

Bado kuna tundu moja kwenye faili lako. Picha ya rosta ya wiki ya 16 Septemba imepigwa gizani, jina lako halisomeki, na bila hiyo tuna wiki nne tu zinazoonekana na siyo tano. Muulize yule mwenzio wa kaunta namba 5 kama yeye ana picha yake ya wiki hiyo. Akikosa, andika wiki nne zenye picha na useme ya tano HR waitazame kwenye rosta yao.